Umetumiwa picha za peni ya Montblanc? Kagua nibu, klipu, pete na boksi kabla ya kutuma hela

Tuseme wewe ni mweka hazina wa kamati ya kumuaga mwalimu mkuu anayestaafu, pale Oldeani wilayani Karatu. Wazazi na walimu wamechanga shilingi 450,000, na kikao kimeamua mwalimu apewe peni ya maana, ya kukaa nayo maisha. Jioni unapokea picha sita kwa WhatsApp kutoka kwa mtu aliyeko Arusha.

"Dada, hii ni Montblanc 149, OG kabisa. Kuna mgeni aliiacha lodji. Laki nne na nusu tu, na boksi lake lipo. Tuma hela, nakupakizia kwenye basi kesho asubuhi."

Kwenda Arusha kuishika mkononi ni nauli na siku nzima. Hela si yako, ni ya watu. Ulicho nacho ni picha sita na usiku mmoja wa kuamua.

Makala hii inaeleza unachotakiwa kutazama kwenye picha hizo. Tumechukua Montblanc Meisterstück kwa sababu ni kati ya peni za kifahari zinazoigwa zaidi duniani, na alama zake zinajulikana vizuri. Sehemu za kuangalia ni nne: maandishi ya nibu, umbo la klipu, maneno ya pete ya kifuniko, na yaliyomo ndani ya boksi.

Kanuni ni moja. Picha nzuri haiwezi kukuhakikishia kwamba peni ni orijino, lakini picha moja yenye kasoro ya wazi inaweza kukuhakikishia kwamba ni feki. Kwa hiyo usihesabu vitu vinavyofanana na orijino. Tafuta kitu kimoja kinachopingana na vingine.

Kwanza, omba picha zinazosomeka

WhatsApp hupunguza ubora wa picha. Herufi ndogo za kwenye pete zinageuka ukungu, na ukungu ni rafiki wa muuzaji wa feki. Mwambie atume picha kama "Document", au achague "HD" kabla ya kutuma. Hapo utaweza kukuza picha na kusoma maandishi.

Omba picha hizi: nibu kwa juu, nibu kwa ubavu, pete ya kifuniko ikizungushwa mpaka maneno yote yaonekane, klipu kwa mbele, pete ndogo inayoshika klipu kwa juu, sehemu ya chini ya klipu, na stika ya boksi. Omba pia peni ikiwa imelazwa kando ya rula.

Halafu moja ya mwisho: aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi kwa peni hiyohiyo, aweke peni juu yake, apige picha. Wauzaji wengine hawana peni yoyote, wana picha walizozitoa kwenye matangazo ya watu wengine. Mtu mwenye peni mkononi hahitaji hata dakika tano kufanya hivyo.

1. Nibu: namba nne na neno moja

Nibu ni kile kipande cha chuma chenye mpasuko katikati, kinachogusa karatasi. Ipo kwenye kalamu ya wino tu. Peni ya kawaida ya kubonyeza au kuzungusha haina nibu, kwa hiyo kama unayouziwa ni ya aina hiyo, nenda moja kwa moja kwenye klipu na pete.

Kwenye nibu ya Meisterstück utaona namba 4810. Huo ni urefu kwa mita wa mlima Mont Blanc huko Ulaya, mlima uliozipa peni hizi jina. Kwa mtu wa kaskazini mwa Tanzania ni rahisi kukumbuka: Kilimanjaro ni 5,895, Mont Blanc ni 4,810. Namba hiyo ilianza kuchongwa kwenye nibu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kila mwigaji anaijua. Kuwepo kwa 4810 hakukuambii lolote. Ikiwa haipo, au imeandikwa vibaya, hapo ndipo pa kushtuka.

Kinachosaidia zaidi ni alama za dhahabu. Dhahabu safi huhesabiwa karati 24. Nibu ya karati 14 ina dhahabu ya sehemu 585 katika kila 1,000, na ya karati 18 ina sehemu 750. Kwa hiyo 14K inakwenda na 585, na 18K inakwenda na 750. Ukiona 14K na 750 kwenye nibu moja, aliyeichonga hakujua anachokiandika. Peni imeishia hapo.

Modeli nayo lazima ikubaliane na karati. Meisterstück 149, ile kubwa kabisa, kwa miongo ya karibuni imekuwa na nibu ya 18K. Ndugu zake wadogo, 146 na 145, kwa kawaida wana 14K. Zipo 149 za zamani zenye 14K, hivyo muulize muuzaji ni ya miaka gani kabla ya kuhukumu. Lakini akisema "149 mpya ya mwaka jana" na nibu inasema 14K, ana maelezo ya kutoa.

Kuna maneno ambayo hayatakiwi kabisa. Ukisoma "IRIDIUM POINT GERMANY" kwenye nibu, hiyo ni nibu ya kawaida ya bei rahisi inayowekwa kwenye peni za majina mengi. Montblanc haiandiki hivyo kwenye nibu ya Meisterstück. Ukiona "18KGP", herufi GP zinamaanisha chuma kilichopakwa dhahabu juu juu. Si nibu ya dhahabu.

Mwisho, angalia mchongo wenyewe. Kwenye orijino mistari ya mapambo ina kina, kingo zake ni kali, na upande wa kulia unalingana na wa kushoto. Mpasuko unatoka kwenye tundu dogo la katikati na kushuka moja kwa moja hadi kwenye ncha. Kwenye feki nyingi mchongo ni kama umepigwa mhuri juu juu: herufi zimeyeyuka, M iliyo ndani ya duara imeinama, au mpaka wa rangi ya dhahabu na ya fedha umevuka mistari yake.

2. Klipu: usiangalie umbo tu, angalia pete yake

Klipu ni kile kibanio kinachoshika mfuko wa shati. Ya Meisterstück ni laini, ncha yake ya chini ni ya mviringo, na imekaa kwenye pete nyembamba karibu na kichwa cha kifuniko. Fungua picha ya modeli hiyohiyo kwenye tovuti ya montblanc.com, uiweke kando ya picha uliyotumiwa. Feki nyingi zina klipu bapa iliyokatwa kwenye bati, na kingo zake unaona zitakata kitambaa. Nyingine zimepinda, ukifuata mstari kutoka juu hadi chini unakuta hauko katikati.

Lakini siku hizi umbo linaigwa vizuri. Maandishi ndiyo magumu kuigwa.

Kwenye ile pete ya klipu, peni zilizotengenezwa kuanzia takriban mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina namba ya peke yake, kwa kawaida herufi mbili zikifuatiwa na tarakimu kadhaa. Upande mwingine wa pete kuna jina la nchi, Germany. Geuza klipu, na chini yake kwenye peni za miaka ya karibuni utakuta neno dogo "Pix".

Namba hiyo inawadanganya wengi. Watu wanasema, "Ina namba, basi ni orijino." Hapana. Kiwanda cha feki kinaweza kuchonga namba ileile kwenye peni elfu. Unachoweza kufanya ni kuiandika namba hiyo kwenye Google ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Ukiikuta kwenye matangazo mengine ya peni tofauti, umepata jibu. Usipoikuta, bado hujathibitisha chochote.

Jina la nchi ni msaada mkubwa zaidi kwa peni za zamani. Ujerumani iligawanyika baada ya vita na ikaungana tena tarehe 3 Oktoba 1990. Peni za kabla ya hapo nyingi zimeandikwa "W.-GERMANY", yaani Ujerumani Magharibi. Sasa muuzaji akikwambia peni ni ya mwaka 2015 na pete inasema W.-GERMANY, habari mbili zinagongana. Ila kuwa makini na peni za karibu na 1990 na 1991. Kipindi kile vipuri vya zamani na vipya vilichanganyika, hivyo alama hii peke yake isitumike kuikataa peni ya miaka hiyo.

3. Pete ya kifuniko: nukta mbili zinazowaumbua

Meisterstück za kawaida kama 149, 146 na 145 zina pete tatu chini ya kifuniko: moja pana katikati, na nyembamba mbili juu na chini yake. Kwenye ile pana kumechongwa MONTBLANC na MEISTERSTÜCK.

Lisome neno la pili herufi kwa herufi. Ni la Kijerumani, maana yake ni kazi ya fundi bingwa, na jina hili limetumika kwa peni hizi tangu 1924. Herufi ya U ndani yake ina nukta mbili juu: Ü. Waigaji wengi wanaandika MEISTERSTUCK bila nukta, au wanaruka herufi moja katikati. Kosa la aina hii halina maelezo. Kiwanda cha Hamburg hakiwezi kukosea kuandika jina la bidhaa yake kwa lugha yake chenyewe.

Ugumu ni kwamba nukta hizo ni ndogo sana, na taa ikipiga kwenye pete zinapotea. Usiseme hazipo kabla hujapata picha ya pili. Mwambie apige nje, kwenye kivuli, si juani wala kwa mwanga wa simu. Kwenye kivuli chuma hakirudishi mng'ao, na maandishi yanasimama.

Angalia pia nafasi kati ya herufi. Kwenye orijino ziko sawa kuzunguka pete nzima na zimesimama kwenye mstari mmoja. Kwenye feki utakuta neno limebanwa mwishoni kwa sababu nafasi iliisha, au herufi moja imepanda juu kuliko nyingine.

Ukiwa hapo hapo, panda juu utazame ile nyota nyeupe kwenye kichwa cha kifuniko. Inawakilisha theluji ya kilele cha mlima, na ncha zake sita ni za mviringo, zimenona. Kwenye orijino nyota imezamishwa ndani ya plastiki nyeusi na uso wake uko sawa. Feki nyingi zina nyota yenye ncha kali kama ya bendera, au iliyochapwa chini ya kitone cha plastiki kilichovimba kama jicho la samaki.

4. Boksi: shahidi dhaifu anayesema mengi

Watu wanaamini sana boksi. Ukweli ni kwamba boksi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko yote, kwa sababu mbili. Maboksi matupu ya orijino yanauzwa mtandaoni, hivyo peni feki inaweza kulala ndani ya boksi la kweli. Na peni ya kweli inaweza kuwa imepoteza boksi lake miaka 20 iliyopita. Kukosa boksi si dalili ya ufeki.

Boksi linasaidia kwa jambo moja: kuona kama linasimulia habari moja na peni.

Tafuta stika, mara nyingi iko kwenye boksi la nje la karatasi. Ina namba ya bidhaa, maelezo mafupi ya modeli na misitari ya kuskani. Usiichanganye na namba ya kwenye klipu. Namba ya klipu ni ya peni moja tu. Namba ya stika ni ya modeli nzima, kwa hiyo maelfu ya peni zina namba ileile na hakuna ubaya. Mfano, 10883 ilitumika kwa Meisterstück Classique ya kuzungusha, nyeusi yenye mapambo ya rangi ya dhahabu. Iandike namba uliyoiona kwenye Google pamoja na neno Montblanc, na utaona maduka yanaitaja kuwa ni peni gani.

Ndani ya boksi, kuta na kitanda cha peni vinatakiwa kukaa vizuri, na peni ilale bila kucheza. Nyota na jina viwe vimechapwa kwa kingo safi. Kisome kijitabu cha huduma na dhamana. Feki nyingi zinajikwaa hapo: sentensi za Kiingereza zilizovunjika, maneno yaliyogawanywa ovyo mwisho wa mstari, wino uliochovya. Nafasi ya mhuri wa duka na tarehe ya kuuzwa nayo ina maana. Peni ya mitumba yenye kijitabu kilichogongwa mhuri wa duka ina historia unayoweza kuifuatilia. Kijitabu kitupu hakisemi kitu.

Ukumbuke kuwa muundo wa boksi umebadilika mara nyingi. Usikatae peni kwa sababu boksi lake halifanani na la kwenye video ya mwaka huu.

Turudi kwenye zile picha sita

Muuzaji alisema 149. Tuzipitie moja moja kama mweka hazina.

Picha ya nibu inaonyesha 4810, 18K na 750. Karati na namba vinakubaliana, na 149 ya karibuni inatakiwa kuwa 18K. Hapa hakuna kosa, ila mchongo hauonekani vizuri kwa sababu ya mng'ao. Unaweka alama ya "bado".

Picha ya klipu ni ya mbele tu. Pete ya klipu haionekani, na chini ya klipu hakuna picha. Unaomba.

Picha ya kifuniko: MONTBLANC inasomeka, neno la pili ni ukungu. Unaomba tena, kivulini, kama "Document".

Picha ya boksi: stika ipo. Unakuza, unasoma 10883.

Hapa ndipo pa kusimama. Namba hiyo ni ya peni ya kuzungusha, isiyo na nibu, na ni ya ukubwa wa Classique. Unayouziwa ina nibu na inaitwa 149. Boksi na peni havikuzaliwa pamoja. Bado haijawa feki, maana mtu anaweza kuwa aliweka peni yake kwenye boksi la peni nyingine. Lakini ile kauli ya "boksi lake lipo" imeanguka, na sasa una sababu ya kuuliza swali kali zaidi.

Unamwandikia: "Kaka, naomba picha ya peni kando ya rula, na picha unapoonyesha inavyojazwa wino."

Swali hili lina maana yake. 149 iliyofungwa kifuniko ina urefu wa karibu milimita 148, na ni nene, kipenyo chake ni karibu milimita 15. Halafu 149 na 146 hujazwa kwa kuzungusha kitako cha nyuma. Kitako kinasukuma pistoni iliyo ndani ya mwili wa peni, na wino unavutwa kupitia nibu. Mwili haufunguki katikati. Feki nyingi za 149 zinafunguka katikati, na ndani yake kuna kimrija cha plastiki cha wino. Kimrija hicho ni halali kwenye 145, lakini si kwenye 149.

Majibu yanarudi. Rula inasoma milimita 138. Picha ya pili inaonyesha mwili umefunguliwa katikati na kimrija ndani. Na kwenye picha mpya ya pete, iliyopigwa nje, neno linasomeka wazi: MEISTERSTUCK, bila nukta.

Sasa jumlisha. Urefu si wa 149. Ujazaji si wa 149. Nibu inadai 18K, wakati peni ya umbo na ujazaji huo, yaani 145, kwa kawaida ni 14K. Stika ni ya peni isiyo na nibu. Na jina limekosewa. Ungeweza kusamehe urefu kwa kusema muuzaji amechanganya modeli tu, lakini jina lililokosewa halisameheki. Hela haitumwi.

Muuzaji anajibu, "Dada, zote ziko hivyo, tena hii ni toleo la kuuza nje." Hilo ni jibu la kawaida. Hakuna toleo la kuuza nje lenye jina lililokosewa.

Na kama alama zote zingekubaliana?

Hapo ungebaki na maswali mawili.

La kwanza ni bei. 149 mpya dukani inapita dola 900, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Iliyotumika inaweza kushuka sana bei, hasa ikiwa na mikwaruzo au bila boksi. Kwa hiyo bei ndogo peke yake si ushahidi wa ufeki, lakini peni "mpya kabisa" kwa robo ya bei inahitaji maelezo mazuri.

La pili ni "mgeni aliiacha lodji". Kitu kilichosahaulika na mgeni bado ni mali ya mgeni. Lodji nyingi za Karatu na Ngorongoro huandika vitu vilivyosahaulika na kuvitunza mpaka mwenyewe aulizie. Peni ya orijino yenye namba kwenye klipu ndiyo rahisi zaidi kutambuliwa na mwenyewe. Mwalimu aliyestaafu hastahili kupewa zawadi ambayo siku moja itaulizwa polisi. Mgeni akimpa dereva au mhudumu kama zawadi, ni jambo jingine, na mwombe muuzaji akuonyeshe hata ujumbe wa shukrani.

Mipaka ya picha

Kuna vitu picha haivioni. Uzito ni kimoja: feki nyingi zina mwili wa shaba nyeupe au njano uliopakwa rangi nyeusi, hivyo ni nzito isivyo kawaida, wakati orijino nyeusi ni ya plastiki ngumu maalumu. Unaweza kupima hili kwa mbali kidogo. Mwambie muuzaji avue kifuniko, aingize mwanga mkali wa tochi ndani yake gizani, apige picha. Plastiki nyeusi ya Montblanc hupitisha mwanga mwekundu wa giza, kama kaa la moto. Chuma hakipitishi kitu. Kipimo hiki ni cha zile nyeusi za kawaida tu. Modeli za chuma au rangi nyingine zina tabia zake.

Cha pili ni peni ya mchanganyiko: mwili wa orijino uliowekwa nibu feki baada ya ile ya dhahabu kuuzwa. Hapo klipu na pete zitafaulu, nibu itafeli. Ndiyo maana kila sehemu inakaguliwa peke yake.

Na usizihamishe sheria hizi kwenda kwenye majina mengine. Parker, kwa mfano, inatambulika kwa klipu ya mshale iliyoanza mwaka 1933. Peni zake zimetengenezwa Marekani, Uingereza, Ufaransa na hata India kwa leseni. Parker iliyoandikwa "Made in India" si feki kwa sababu hiyo. Lakini kiwanda chake cha Newhaven, Uingereza, kilifungwa miaka ya mwanzo ya 2010, hivyo Parker inayouzwa kama toleo jipya la juzi huku imeandikwa imetengenezwa Uingereza inakupa swali la kuuliza.

Ukishauziwa feki, usifute mazungumzo wala picha. Hifadhi muamala wa simu. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na chombo kinachoshughulikia ni Tume ya Ushindani, FCC. Zile picha za pete na nibu ulizoomba ndizo zitakazokuwa ushahidi wako.

Kwa mweka hazina wetu wa Oldeani, kazi yote ilikuwa kuomba picha nne za ziada. Shilingi 450,000 bado zipo, na kwenye kikao anaweza kuweka simu mezani, akakuza ile pete, akawaonyesha wajumbe mahali ambapo nukta mbili zilitakiwa kuwepo.